Kuweka gemu High kwenye Task Manager: imeongeza FPS kidogo, ikaharibu vingine. Naomba ufafanuzi

NkuhunguGemu

Wakuu, habari za jioni. Nina kibanda cha gemu hapa Nkuhungu, Dodoma. Mashine inayonisumbua ni ya mezani, prosesa i5-2400, ramu GB 8, kadi ya picha GTX 1050 Ti, na diski ni ile ya zamani ya kuzunguka. Wateja wake wengi wanataka GTA V.

Tatizo la mwanzo lilikuwa kukwama kwama. Ukiendesha gari taratibu iko sawa, ukichanja mbuga katikati ya jiji inashtuka shtuka. Muziki wa kibanda nao unapigwa kwenye Chrome ya mashine hiyo hiyo, kwa sababu spika zimechomekwa hapo.

Kijana mmoja akanielekeza: Ctrl+Shift+Esc, nenda Details, tafuta GTA5.exe, bofya kulia, Set priority, High. FPS ikapanda kutoka kama 55 hadi 60 na kidogo. Lakini sasa muziki unakatakata, kipanya kinavuta kama kimenata, na kuna wakati picha inaganda sekunde kadhaa halafu inaruka mbele. Majengo nayo yanachelewa kutokea, gari linapita kwenye barabara isiyo na nyumba. Nikirudisha Normal muziki unatulia, ila kule kushtuka kunarudi.

Ninachotaka kuelewa ni hiki: High ni ya kutumia au siyo? Na kwa nini inaharibu vitu ambavyo mimi sikuvigusa?

---

MzeeWaFPS

Mkuu umeishia njiani. High ni nusu ya dawa, weka Realtime. Priority maana yake unaiambia Windows gemu ipite kabla ya programu nyingine zote, na ikipita kwanza inapata nguvu yote ya prosesa na ya kadi ya picha. Mimi nimesimamia internet kafe pale Makole muda mrefu, mashine zote gemu zilikuwa Realtime na hakuna iliyoganda. Muziki hamishia kwenye simu, biashara iendelee.

---

Mwana_Kondoa

Nimeingia kwa hamu maana na mimi ninateseka. Ninacheza mtandaoni kwa bando la simu huku Kondoa, pingi inapanda hadi 200 jioni, mchezaji wangu anarudishwa nyuma kila mara. Nikiweka High pingi itashuka?

---

FundiMakole

Mwana_Kondoa, hapana. Pingi ni safari ya data kati yako na seva, na Set priority inapanga foleni ya prosesa tu. Wewe angalia mnara umelemewa saa ngapi, na kama kuna simu au kompyuta nyingine inapakua kitu kupitia bando hilo hilo.

NkuhunguGemu, kabla sijakujibu naomba namba. Rudisha gemu Normal, cheza kama dakika tano mjini kwa kasi, kisha Alt+Tab, fungua Details na upange kwa safu ya CPU. Nitajie programu nne za juu na asilimia zake. Halafu nenda Performance uniambie CPU iko ngapi kwa jumla na Disk iko ngapi. Rudia hayo hayo gemu ikiwa High.

MzeeWaFPS, wakati tunamsubiri, niulize: wateja wako pale kafe walikuwa wanaingia kwa akaunti ya msimamizi au ya kawaida?

---

MzeeWaFPS

Ya kawaida bila shaka. Nani anampa mteja akaunti ya msimamizi?

---

FundiMakole

Basi mashine zako hazikuwahi kuwa Realtime. Mtumiaji asiye na haki za msimamizi akichagua Realtime, Windows inaweka High kimya kimya bila ujumbe wowote. Ukirudi kwenye Set priority baada ya kuchagua utaona alama imekaa kwenye High. Kwa hiyo ushahidi wako ni wa High, na ni ushahidi halali, ila usimpe mtu Realtime kwa msingi huo.

---

NkuhunguGemu

Nimerudi na namba, mkuu.

Ikiwa Normal: GTA5.exe 79, Chrome zote kwa pamoja kama 11, MsMpEng.exe ya kinga ya virusi ya Windows 5, programu yangu ya kuhesabu muda wa mteja 2. Jumla CPU inagusa 100 muda mwingi. Disk inaruka kati ya 40 na 100.

Ikiwa High: GTA5.exe 94 hadi 96, Chrome 2 au 3, MsMpEng 1. Jumla 100. Disk vile vile, inapanda hadi 100 nikiendesha kwa kasi.

---

FundiMakole

Asante, hizi namba zinasimulia habari nzima.

Tuanze na faida. Gemu ikiwa Normal ilikuwa inapata 79, wengine wakigawana karibu 20 iliyobaki. Kipaumbele kinaweza kukurudishia kile tu ambacho wengine walikuwa wanakula. Anayeruhusiwa kupita mbele kwenye foleni ya kisima haongezi maji kisimani. Hivyo kikomo chako kilikuwa 20 hivi, umepata 16, na FPS yako imepanda kidogo. Ukiona Details yako inaonyesha wengine wote kwa jumla wanakula 3, usihangaike, hata High haitakupa zaidi ya hizo 3. Na kama CPU nzima iko 60 na gemu bado inasuasua, hakuna aliyekuwa kwenye foleni. Hapo tatizo liko kwenye kadi ya picha, diski, ramu, au kazi moja ya gemu iliyojaza koa moja ya prosesa peke yake, na Set priority haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hiyo MzeeWaFPS yuko sahihi kwamba gemu inapita kwanza, ila kadi ya picha haihusiki.

Sasa kushtuka shtuka, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye faida ya kweli, kuliko wastani wa FPS. Kwa FPS 60 kila picha ina milisekunde 16.7 tu ya kutengenezwa. Windows ya kompyuta za kawaida inazipa kazi zilizo nyuma zamu ya milisekunde kama 31 kila moja. Chrome ikishika koa kwa zamu nzima, na gemu yako iko daraja moja nayo, gemu inaweza kusubiri hadi zamu iishe, na hapo umepoteza karibu picha mbili. Wastani hautakuonyesha hilo, jicho litaliona. Gemu ikiwa daraja la juu zaidi haisubiri zamu iishe, inamtoa aliyepo palepale.

Lakini kwa kufanya hivyo haihitaji High. Ndani ya Windows Normal inaanzia 8, Above normal 10, High 13, na Realtime 24. Kuwapita watu wa 8 inatosha kuwa 10.

Madhara yako yanatokana na jambo moja: gemu yako haina kikomo cha FPS. Ukiipa prosesa yote, itaimaliza yote kutengeneza picha ambazo skrini yako ya Hz 60 haiwezi hata kuzionyesha. Koa zote nne zinajaa, na yeyote aliye chini ya 13 anabaki na makombo. Ndiyo maana muziki unakatika. Injini ya sauti ya Windows yenyewe ina kipaumbele chake cha juu na iko tayari kupiga, ila inasubiri Chrome iilete sauti, na Chrome iko kwenye 8 haipati zamu.

Kuganda kwa sekunde kadhaa ni jambo hilo hilo likiwa limekomaa. Kuna nyakati gemu inahitaji jibu kutoka kwa programu nyingine iliyo Normal, kwa mfano MsMpEng inapokagua faili ambalo gemu imelifungua. Kazi nyingine za gemu zinaendelea kujaza koa, na anayesubiriwa hapati koa ya kufanyia kazi. Windows ina mlinzi anayepita kila sekunde moja kutafuta kazi zilizonyimwa zamu kwa takribani sekunde 4, anazipandisha hadi 15 kwa muda mfupi, ambayo ni juu ya 13, basi zinapita na mambo yanafunguka. Sekunde zako kadhaa za kuganda zinafanana sana na hizo. Na hapa ndipo ilipo hatari ya Realtime halisi: msaada wa 15 haufui dafu mbele ya 24. Microsoft wenyewe wanaonya kwamba Realtime inaweza kufanya kipanya kisiitike na data ya diski isiandikwe kwa wakati.

Kuhusu majengo kuchelewa, Disk yako inafika 100. Hiyo ni diski ya kuzunguka imelemewa. Set priority ya Task Manager haibadilishi foleni ya diski.

Ninachopendekeza, kwa mpangilio huu: weka kikomo cha FPS 60 kwa RivaTuner, sehemu ya Framerate limit. Ndani ya gemu shusha Population Density, kwa sababu watu na magari ya barabarani ni mzigo wa prosesa. Pima tena ukiwa Normal. Ukiona CPU imeshuka chini ya 100 na bado kuna kushtuka, ndipo uweke Above normal. Hiyo High achana nayo.

---

DadaNzuguni

Mimi nina la kwangu linalofanana. Ninarekodi gemu kwa OBS nikiwa nyumbani Nzuguni, laptopu yangu haina kadi ya picha ya peke yake, ni ile ya Intel ya ndani. Nikicheza bila kurekodi gemu inakwenda vizuri. Nilisoma sehemu kwamba High inasaidia, nikaweka, gemu ikawa laini kabisa machoni pangu. Kufungua video baadaye, picha zinaruka kama slaidi, na OBS ilikuwa imeandika "Encoding overloaded!" chini. Kwa hiyo nashusha gemu au napandisha OBS?

---

MzeeWaFPS

Dada pandisha OBS nayo iwe High, zote ziwe sawa.

---

FundiMakole

Zikiwa zote High zinarudi kupokezana kama zilivyokuwa Normal, tofauti ni kwamba sasa zote mbili zinawakandamiza wengine. Hujapata kitu.

Dada, mara nyingi ujumbe huo unamaanisha OBS inabana video kwa prosesa, yaani umechagua x264, na prosesa haimudu. Gemu ilipokwenda High ilichukua zamu za OBS. Nenda Settings, Output, na kama Encoder ina chaguo la QuickSync, chagua hilo. Kazi hiyo itahamia kwenye sehemu maalumu ya chipu ya Intel na prosesa itapumua. Gemu irudishe Normal. Ikibaki kukwama kidogo, OBS ina sehemu yake ya Process Priority ndani ya Settings, Advanced, iweke Above normal. Anayerekodi aipendelee OBS, kwa sababu picha iliyopotea kwenye video hairudi.

---

DadaNzuguni

QuickSync ipo. Nitajaribu leo usiku. Ila nilisikia ubora wa picha unashuka ukitumia hiyo?

---

FundiMakole

Kwa ukubwa ule ule wa faili x264 inaweza kukupa picha safi zaidi, hasa kwenye chipu za zamani. Kwa kurekodi tu, ongeza Bitrate na jicho halitalalamika. Kwa kurusha moja kwa moja kwa bando ni mjadala mwingine.

---

UdomBlock

Ninapinga kidogo. Mimi niko UDOM, laptopu i5-8250U, picha za ndani. High kwangu ilikuwa nzuri dakika kumi za mwanzo halafu ikawa mbaya kuliko Normal. Nilikuwa naangalia Performance, pale penye Speed ilianza juu ya 3 GHz, ikashuka hadi 1.5 na kitu. Nikiweka Normal inachelewa kushuka. Kwa joto la Dodoma la mwezi wa kumi na moja na vumbi letu hili, High inaunguza mashine.

---

FundiMakole

Ulichokiona kwenye Speed ni kweli, na nafurahi uliangalia pale, wengi hawaangalii. Sababu naiona tofauti kidogo. Kipaumbele chenyewe hakitoi joto. Prosesa iliyojaa 100 inachemka vile vile iwe imejazwa na gemu au na Chrome. Ila chipu yako imepangiwa wati 15 za muda mrefu, na hizo wati prosesa na picha za ndani zinagawana. Kazi za prosesa zikizidi, mgao wa picha unapungua, na kwenye laptopu kama hiyo picha ndiyo iliyokuwa na uhaba tangu mwanzo. Kwako hata Above normal siitaki. Weka kikomo cha FPS 30 au 40, inua laptopu nyuma hewa ipite, safisha feni, na uwe kwenye chaja.

---

UdomBlock

Lakini umekubali kwamba High ilinipa hasara.

---

FundiMakole

Ndiyo, kwa laptopu yako ilikupa hasara.

---

NkuhunguGemu

Wakuu, mrejesho. Nimeweka kikomo cha 60 na kushusha Population Density hadi nusu. Nikiwa Normal, GTA5.exe imeshuka hadi 66 hivi, jumla CPU iko 80 hadi 85. Muziki umetulia kabisa. Kushtuka kumepungua sana, ila bado kupo mara moja moja, hasa ukurasa wa YouTube unapobadilisha wimbo.

Nikaweka Above normal. Hapo kushtuka kwa kubadilisha wimbo sikioni tena na muziki haukatiki. Kuganda kwa sekunde kadhaa hakujarudi.

Viwili vimebaki. Majengo bado yanachelewa, hapo nakubali ni diski. Na kipanya bado kinavuta kidogo kwenye menyu ya gemu, hata nikiwa Normal. Pia kila nikifunga gemu na kuifungua, Above normal imepotea. Siwezi kwenda kubofya kila mteja anapokaa.

---

FundiMakole

Kupotea ni kawaida, Task Manager haihifadhi, inabadilisha ile iliyo hai tu. Watu wengi hutumia amri ya start yenye /abovenormal kwenye njia ya mkato, lakini GTA V inafunguliwa na kizinduzi, na daraja la juu ulilompa kizinduzi halirithiwi na gemu anayoizaa. Utakuwa umempandisha mtu wa mlangoni. Kinachorithiwa ni daraja la chini tu, Below normal au Low.

Njia inayoshika ni kuiandika kwenye rejista kwa jina la faili lenyewe. Hifadhi haya kama faili la .reg, lifungue ukiwa msimamizi:

```
Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Image File Execution Options\GTA5.exe\PerfOptions]
"CpuPriorityClass"=dword:00000006
```

Hiyo 6 ni Above normal. Ukikuta maelekezo mtandaoni yenye 3, hiyo ni High, usiinakili. Ukitaka kuondoa, futa PerfOptions. Baada ya kufungua gemu rudi Details, bofya kulia, hakikisha alama iko Above normal.

Kama unaogopa rejista, mhudumu anaweza kutumia PowerShell gemu ikishafunguka:

```
(Get-Process GTA5).PriorityClass = 'AboveNormal'
```

---

Mwana_Kondoa

Hii ya rejista haiwezi kumfungia mtu akaunti kwenye gemu za mtandaoni?

---

FundiMakole

Gemu nyingi zenye ulinzi dhidi ya udanganyifu hazikuruhusu hata kubadilisha, unapata "Access is denied" ukibofya Set priority. Hapo acha kama ilivyo, usitafute njia ya kuzunguka. NkuhunguGemu kwa hadithi ya mchezaji mmoja sina wasiwasi naye. Kwa gemu ya ushindani mtandaoni mimi binafsi siwezi kuigusa rejista kwa jina la faili lake.

---

MzeeWaFPS

Nimeelewa ya Realtime. Lakini ile mbinu ya Set affinity, kuondoa tiki kwenye CPU 0 ili gemu isigombane na Windows, hiyo nimeiona ikifanya kazi kwa macho yangu. Kwa nini humpi?

---

FundiMakole

Kwa sababu ana koa nne tu, na GTA V inazitumia zote. Akiondoa moja amejinyima robo ya prosesa kwa hiari. Kwenye mashine yenye koa nane, na gemu ya zamani inayotumia mbili, huenda uliona faida ya kweli. Sibishi na macho yako, ningependa tu kuona namba za kabla na baada.

---

MzeeWaFPS

Nitazitafuta. Bado naamini kwake ingemaliza hicho kipanya.

---

DadaNzuguni

QuickSync imefanya kazi, video ni laini na gemu iko Normal. Nimelazimika kupandisha Bitrate kama ulivyosema, faili ni kubwa zaidi sasa.

---

NkuhunguGemu

Safi dada. FundiMakole, rejista imeshika, nimezima mashine na kuwasha, alama iko Above normal. SSD nitaitafuta mwisho wa mwezi. Kipanya nimejaribu kukihamishia tundu lingine la USB, hakuna tofauti. Nikizima VSync ndani ya gemu na kubaki na kikomo cha RivaTuner peke yake kinakuwa chepesi, lakini picha inakatika katikati nikigeuka haraka. Mwenye kupata vyote viwili kwenye skrini ya Hz 60 anielekeze.